Kadi Tatu Nyekundu Katika Mbio za Kutembea

Swali: Mtembeaji anayeongoza huondolewaje mashindanoni ilhali watazamaji hawakumwona akikimbia?

Jibu: Sheria humtaka mtembeaji asipoteze mguso, yaani miguu yote miwili isionekane kuwa hewani kwa wakati mmoja, na mguu wa mbele unyooke gotini tangu ukanyage chini hadi mwili upite wima juu yake. Mguso hupimwa kwa macho matupu tu, hivyo picha ya mwendo wa polepole inayoonyesha mwanya mdogo haimtii mtu hatiani. Mwamuzi anayeshuku kosa huonyesha kibao cha njano chenye alama ya kosa lenyewe, ambacho ni onyo lisilo na adhabu. Akiliona dhahiri, humpelekea mwamuzi mkuu kadi nyekundu, na kadi tatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti humtoa mtembeaji au, penye eneo la adhabu, humsimamisha humo kwanza, dakika 2 katika kilomita 20. Eneo hilo halikuwapo Sydney mwaka 2000, Jane Saville wa Australia alipoonyeshwa nyekundu ya tatu akiongoza, mlangoni mwa uwanja. Dhahabu ikaenda kwa Wang Liping wa China.