Ploti ya Olympic na Bondi ya Serikali: Mafunzo Niliyopata

1. Hesabu kodi iliyoingia, si iliyopangwa.

Ploti yetu hapa Olympic, Kibera, ina bedsita kumi, kila moja shilingi 9,000 kwa mwezi. Majirani wakipiga hesabu wanapata 1,080,000 kwa mwaka. Kiwanja na ujenzi vilikula milioni 9, kwa hiyo wanasema faida ni asilimia 12. Lakini mpangaji akihama mwisho wa mwezi, fundi anaingia kupaka rangi na kubadilisha kitasa na koki, na mgeni anataka kuanza kulipa mwezi unaofuata. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, 90,000 zimeenda. Dalali akikuuzia ploti iliyojaa, omba taarifa ya M-Pesa ya kodi ya mwaka mzima. Ploti hujaa ghafla wiki ya mnunuzi kuja.

2. Ushuru haujali pampu iliyoungua.

Keyateka analipwa 10,000 kwa mwezi. Pampu, mtaro ulioziba na mabati yanayovuja humeza kama 110,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 KRA huchukua asilimia 7.5 ya kodi ya makazi kabla hujatoa gharama yoyote, kwa mwenye nyumba anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kwangu ni 74,250. Nikitoa yote, mkononi hubaki karibu 686,000, yaani asilimia 7.6 ya milioni 9.

3. Mkopo wa asilimia 16 hauwezi kubebwa na nyumba inayozaa 7.6.

Tuseme milioni 3 kati ya hizo 9 ni za benki, za kulipwa kwa miaka kumi. Kila mwezi unatoa kama 50,250, karibu 603,000 kwa mwaka. Katika zile 686,000 unabaki na kama 83,000, na hapo bado paa halijang'oka. Mwaka wa kwanza riba pekee ni kama 470,000. Ukiitoa kwenye zile 686,000, milioni 6 zako mwenyewe zimezaa asilimia 3.6. Nusu ya deni ingepunguza maumivu, ila kila shilingi ya benki bado ingekula zaidi ya inavyozalisha.

4. Linganisha na bondi, lakini kwa haki.

Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa ushuru. Milioni 6 zingeleta zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka, bila keyateka. Riba kama hiyo haikai sokoni milele, na riba zikipanda kabla hujauza, bei ya bondi yako hushuka. Halafu bondi haiongezi malipo mfumuko wa bei ukija, wala haina kiwanja kinachopanda thamani. Sehemu kubwa ya Kibera ardhi ni ya serikali, kwa hiyo nyumba isiyo na hati usiihesabie hilo la kiwanja hata kidogo.