Jinsi ya Kupata Tarehe ya Ijumaa ya Malipo

Vikundi vingi vinavyoajiri vibarua huandika katika makubaliano yao kwamba malipo yatafanyika "Ijumaa inayofuata baada ya kazi kukaguliwa." Maneno hayo yanaonekana wazi, lakini kibarua anahitaji tarehe kamili ili ajue siku ya kulipa karo au deni la duka. Tarehe hiyo inaweza kupatikana bila kalenda, kwa kutumia majina ya siku yenyewe.

Siku zina namba zake

Majina ya siku kwa Kiswahili huhesabu juma kuanzia Jumamosi. Jumamosi ni siku ya 1, Jumapili ya 2, Jumatatu ya 3, Jumanne ya 4 na Jumatano ya 5. Alhamisi na Ijumaa hazina namba ya Kiswahili katika majina yao, lakini zinafuata kama siku ya 6 na ya 7. Alhamisi isimchanganye anayejua kwamba neno hilo kwa Kiarabu linatokana na tano. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili.

Kwa kuwa Ijumaa ni ya 7, siku zilizobaki kuifikia ni 7 ukitoa namba ya siku iliyopo. Kazi ikikaguliwa Jumatano tarehe 22 Aprili 2026, hesabu ni 7 kutoa 5, yaani siku 2. Malipo ni Ijumaa tarehe 24 Aprili.

Mfano unaovuka mwezi

Tuseme kikundi cha maji kimemaliza kuchimba mtaro wa mabomba, na kazi ikakaguliwa Jumamosi tarehe 25 Aprili 2026. Saba kutoa 1 ni 6. Tarehe 25 ikiongezwa siku 6 inakuwa 31, lakini Aprili ina siku 30. Basi 30 inaondolewa na kubaki 1, na Ijumaa inayotafutwa ni tarehe 1 Mei 2026.

Hapa hesabu ni sahihi, lakini malipo yanaweza kukwama. Tarehe 1 Mei ni Siku ya Wafanyakazi, na benki hufungwa. Hesabu ya siku haijui sikukuu. Kwa hiyo makubaliano yaseme mapema kama malipo yatarudishwa nyuma hadi Alhamisi tarehe 30 Aprili au yatasogezwa hadi Jumatatu tarehe 4 Mei. Katika mwezi huo huo, Ijumaa tarehe 3 Aprili ilikuwa Ijumaa Kuu, na swali ni lile lile.

Kazi ikikaguliwa Ijumaa

Ugomvi mwingi huzuka hapa. Saba kutoa 7 ni sifuri, maana yake malipo ni siku hiyo hiyo. Lakini mweka hazina aliyesoma neno "baada" ataongeza siku 7 na kulipa juma lijalo. Kibarua akitarajia pesa jioni hiyo, atangoja juma zima. Hakuna hesabu inayoweza kuamua jambo hili. Ni maandishi ya makubaliano. Yaandikwe "Ijumaa hiyo hiyo au inayofuata," au "Ijumaa inayofuata, hata kama ukaguzi ni Ijumaa."

Kwa kompyuta

Anayeweka daftari katika Excel au Google Sheets anaweza kuandika tarehe ya ukaguzi katika kisanduku A2, kisha fomula hii katika kisanduku cha pembeni:

```
=A2+7-WEEKDAY(A2+1)
```

Kompyuta kwa kawaida huanza kuhesabu Jumapili. Ile +1 iliyo ndani ya mabano huifanya ihesabu kuanzia Jumamosi, kama majina yetu. Ukaguzi ukiwa Ijumaa, fomula hii hutoa siku hiyo hiyo. Kikundi kilichokubaliana kusubiri Ijumaa ya juma lijalo kitumie hii:

```
=A2+8-WEEKDAY(A2+2)
```

Jibu likitokea kama 46143 badala ya tarehe, hakuna kosa katika hesabu. Hiyo ndiyo 1 Mei 2026 kwa namba ya kompyuta, na kisanduku kinahitaji tu kubadilishwa kionyeshe tarehe.

Siku nyingine

Malipo yakiwa siku nyingine, namba ya siku iliyopo hutolewa katika namba ya siku inayotakiwa. Jibu likiwa chini ya sifuri, huongezwa 7. Kutoka Alhamisi hadi Jumanne ya soko, 4 kutoa 6 ni hasi 2. Ukiongeza 7 unapata siku 5.

Ikishapatikana, tarehe iandikwe kwenye karatasi ya kazi pamoja na jina la siku: "Ijumaa, 24 Aprili 2026." Siku na tarehe zisipolingana, kosa litaonekana kabla ya siku ya malipo kufika.