Umebadilisha picha kwenye posta? Cheki kingo kabla ya kuprinti

Wauza korosho wa Magomeni, Mtwara, hii inawahusu. Una posta ya A3 ya msimu uliopita, unabadilisha picha na namba ya simu tu. Hapo ndipo wengi tunaharibu.

A3 ni milimita 297 kwa 420, lakini faili la kuprinti huwa 303 kwa 426. Kila upande una milimita 3 za ziada, mafundi wanaziita blidi. Kisu cha kukatia huhamahama kidogo, na ziada hiyo ndiyo inayokuokoa. Picha mpya ikiishia palepale kwenye mstari wa kukatia, posta itatoka na kijistari cheupe pembeni.

Kwenye Canva washa Show print bleed, halafu vuta picha kwenye pembe yake mpaka ivuke mstari wa vidoti na kufika mwisho kabisa.

Na namba je? Zamani ilikuwa moja, sasa umeweka mbili, maandishi yamesogea ukingoni. Yarudishe angalau milimita 5 ndani ya mstari. Mimi huzipanga juu na chini, kuliko kupunguza herufi.

Ukidownload chagua PDF Print, weka tiki Crop marks and bleed. Fungua PDF uangalie: picha ipite alama za kukatia pande zote nne.