Karasha la Katoro na Ile j

Nikiwa fildi Katoro, Geita, mwenye karasha aliniuliza mota yake ya volti 230 itavuta ampea ngapi, ili akanunue waya. Ikiwa na mzigo, mota hiyo ni sawa na ukinzani wa omu 6 ukiungwa mfululizo na koili ya henri 0.0255. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo reaktansi ya koili ni 2π × 50 × 0.0255, yaani omu 8. Nikajumlisha fasta: omu 14, ampea 16.4. Mota ilipowashwa, mita ikasoma 23. Ule waya ungeungua kwa hesabu yangu!

Kosa liko wapi? Volti ya ukinzani hupanda na kushuka pamoja na mkondo, lakini ya koili hutangulia robo mzunguko. Vilele havikutani, kwa hiyo havijumlishwi kama shilingi. Fazori hutunza ukubwa na pembe tu. Robo mzunguko tunaiandika j, na kalkulasi yote inageuka aljebra:

Z = 6 + j8
|Z| = √(6² + 8²) = 10
I = 230 ÷ 10 = 23 A

Mkondo unachelewa nyuzi 53. Ila hii ni mota ikishatulia. Wakati wa kuwasha huvuta zaidi sana.