Sukari ya wagonjwa 15 katika picha moja: robo, uzio na mchoro wa sanduku

Katika kliniki ya kisukari, vipimo vya asubuhi mara nyingi huandikwa daftarini kwa mkono, kisha ukurasa hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa mwandaaji wa taarifa. Katika mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili, picha inaonyesha sukari ya wagonjwa 15 waliopimwa kabla ya kula, kwa milimoli kwa lita, kwa kufuata walivyofika:

6.4, 8.1, 5.9, 7.2, 21.4, 6.8, 9.3, 7.7, 5.2, 68, 8.8, 7.0, 6.1, 10.2, 7.5

Kabla ya hesabu yoyote, mistari ihesabiwe na kulinganishwa na idadi ya waliohudhuria, kwa kuwa ukurasa uliojikunja huficha mstari wa mwisho. Hapa idadi inalingana. Kisha namba hupangwa kuanzia ndogo:

5.2, 5.9, 6.1, 6.4, 6.8, 7.0, 7.2, 7.5, 7.7, 8.1, 8.8, 9.3, 10.2, 21.4, 68

Namba ya nane, 7.5, ndiyo thamani ya kati, kwa kuwa ina namba saba kila upande. Katikati ya zile saba za chini ni 6.4, nayo ni robo ya kwanza. Katikati ya zile saba za juu ni 9.3, nayo ni robo ya tatu. Tofauti ya robo hizo mbili, 2.9, ni upana wa robo, yaani eneo linalobeba takribani nusu ya wagonjwa, wale wa katikati.

Ili kutambua thamani zilizojitenga, hutumika kanuni ya mtakwimu wa Marekani, John Tukey. Upana wa robo huzidishwa kwa 1.5, hapa ikiwa 4.35. Kiasi hicho hutolewa kwenye robo ya kwanza na kuongezwa kwenye robo ya tatu, na hivyo kupatikana uzio wa chini wa 2.05 na uzio wa juu wa 13.65. Namba mbili zimeruka uzio: 21.4 na 68.

Wapo wanaozifuta zote mbili ili taarifa ipendeze. Hilo ni kosa, na kwa mgonjwa mmojawapo laweza kuwa kosa la hatari. Uzio huonyesha tu mahali pa kuuliza swali; jibu hutafutwa daftarini na kwa mgonjwa mwenyewe.

Namba 68 haiwezekani: vipima sukari vingi vya kidole huacha kutoa namba vikifika takribani 33 na kuonyesha neno `HI`. Daftari lenyewe, likisomwa kwenye mwanga mzuri, linaonyesha 6.8, nukta ilipotea katika picha. Namba 21.4, kwa upande wake, imeandikwa vivyo hivyo daftarini. Mgonjwa huyo anapaswa kunawa mikono na kupimwa tena siku hiyohiyo, maana utamu wa tunda kidoleni huweza kupandisha kipimo. Sukari ikibaki juu, aulizwe kuhusu kiu, kukojoa sana na kutapika, na apimwe ketoni. Namba yake inabaki katika orodha.

Baada ya sahihisho hesabu hurudiwa. Robo ya kwanza inabaki 6.4, thamani ya kati inakuwa 7.2 na robo ya tatu 8.8. Upana wa robo ni 2.4, na uzio unasimama kwenye 2.8 na 12.4. Nukta moja iliyopotea ilikuwa imepandisha wastani wa kawaida kutoka 8.3 hadi 12.4, ilhali thamani ya kati ilisogea kwa 0.3 tu.

Mchoro wa sanduku wa orodha iliyosahihishwa huelezwa hivi: sanduku linaanzia 6.4 hadi 8.8, likikatwa na mstari kwenye 7.2. Mstari huo uko karibu zaidi na ukingo wa chini, kwa hiyo vipimo vya juu vimetawanyika zaidi kuliko vya chini. Sharubu ya kushoto inafika 5.2. Ya kulia inaishia 10.2, kipimo cha mwisho kilicho ndani ya uzio. Haichorwi hadi 12.4, kwani hakuna mgonjwa mwenye namba hiyo. Mbali kulia, peke yake, kuna nukta moja kwenye 21.4.

Kompyuta huweza kutoa robo tofauti kidogo. Katika Excel, `QUARTILE.EXC` hutoa 6.4 na 8.8 kama hapa, lakini `QUARTILE.INC` hutoa 6.6 na 8.45. Njia zote mbili zinakubalika, mradi taarifa itaje iliyotumika.

Mgonjwa mwenye 10.2 hana nukta ya peke yake katika mchoro, na ni rahisi kumpita. Uzio unamlinganisha na wenzake wa kliniki ya kisukari, si na mtu mwenye afya. Sukari yake kabla ya kula bado iko juu, na dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya.