Chupi ya Hedhi na Pedi: Kunywa ni Kazi Moja, Kushika ni Nyingine

Tone la damu likidondokea kwenye kitambaa hupitia hatua mbili. Kwanza linanyonywa, kisha linashikwa lisirudi juu. Mtu anaponunua chupi ya hedhi huuliza tu inabeba kiasi gani, kumbe angeuliza pia inanyonya kwa kasi gani, na ukiikalia inaachia au haiachii. Maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua uvae nini siku za damu kidogo na uvae nini ukienda kulala.

Kunyonya ni kazi ya nafasi ndogondogo zilizo kati ya nyuzi. Maji hupenda kushikamana na uzi wa pamba, kwa hiyo huparamia kuta za nafasi hizo na kuyavuta yanayofuata, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kimiminika kikiwa kizito, safari hiyo huchelewa. Hedhi si maji: ina chembe za damu, protini, ute na vipande vya utando wa mfuko wa uzazi. Kitambaa kinachomeza kijiko cha maji mara moja kinaweza kuiacha hedhi juu kwa muda kabla haijazama.

Ukiikata chupi ya hedhi katikati utakuta tabaka zake. Linalogusa mwili ni kitambaa chepesi cha kupitisha majimaji. Chini yake kuna kitambaa kinene kinachofanana na taulo, na hicho ndicho ghala. Kisha unakuja utando mwembamba wa poliuretani unaozuia maji, halafu kitambaa cha nje. Pedi ya dukani nayo ina tabaka, lakini ghala lake ni nyuzi za selulosi itokanayo na miti, na katika pedi nyingi zimechanganywa na punje za poliakrilati ya sodiamu. Punje hizo zikikutana na majimaji huvimba na kuwa kama jeli, na jeli ukiibana haiachii kirahisi. Taulo haina jeli. Maji yamekaa kati ya nyuzi tu, ukiibana yanatoka.

Unaweza kuliona hili nyumbani. Chukua bomba la sindano la kunyweshea mtoto dawa, lile lisilo na sindano, na maji yenye chumvi kidogo. Dondoshea chupi mililita 1, subiri dakika moja, weka karatasi nyeupe ya tishu juu yake, kisha bana kwa kiganja. Endelea kwa mililita moja moja hadi tishu ilowe. Fanya hivyohivyo kwa pedi. Kiasi kilichozama kabla tishu haijalowa ndicho uwezo wa nguo hiyo ukiwa umeikalia. Hedhi ikiwa nzito kuliko maji hayo, tegemea pungufu ya ulichopima.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, walichapisha vipimo walivyofanya kwa chembe nyekundu za damu badala ya maji. Tamponi, pedi na vikombe vya hedhi vingi vilibeba kati ya mililita 20 na 50. Chupi za hedhi zilibeba mililita 2 hivi. Chembe zile ni nzito kuliko hedhi, kwa hiyo mwilini huenda chupi hufanya vizuri zaidi ya hapo. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kulipuuza, hasa pakiti inapodai chupi moja ni sawa na tamponi kadhaa.

Tumchukue mwanamke anayepoteza damu mililita 40 katika hedhi nzima, kiasi cha kawaida. Karibu nusu ya kinachotoka si damu, kwa hiyo jumla ni kama mililita 80. Tuseme mililita 56 kati ya hizo zinatoka katika siku mbili za mwanzo. Hiyo ni zaidi kidogo ya mililita 1 kwa saa, na usingizi wa saa nane unakusanya kama 9. Siku ya mwisho huenda zikatoka mililita 4 kutwa nzima, tena kwa matone. Matone yanaipa chupi muda wa kunyonya, na kiasi chenyewe kinaweza kuingia. Siku kama hiyo chupi ya hedhi inaipita pedi nyembamba kwa raha: haisogei, haina gundi, haina plastiki inayogusa mapaja kwenye joto.

Usiku wa siku ya pili ni habari nyingine. Ukiwa umelala, damu hujikusanya ukeni, na ukigeuka au ukiinuka hutoka kwa mkupuo. Mililita 4 zikija kwa pamoja, kitambaa hakiwahi. Ukilala chali zinakimbilia nyuma, mahali ambapo tabaka la ghala katika chupi nyingi limeshakwisha. Kwa usiku huo mimi nasema wazi: vaa pedi ndefu ya usiku, na chupi ya hedhi iwe mlinzi chini yake kwa kinachopita pembeni. Gundi ikibaki kwenye kitambaa iondoe yote wakati wa kufua, kwa sababu inaziba nafasi za kunyonyea. Na kama pedi ya usiku inajaa kila saa moja au mbili, tatizo si nguo, nenda hospitali.

Kufua pia kunafuata kanuni zilezile. Suuza kwa maji baridi kwanza, hadi maji yanayotoka yawe meupe. Maji ya moto huzigandisha protini za damu ndani ya uzi kama yai linavyoganda, na doa huwa gumu kutoka. Kisha fua kwa sabuni kidogo, na suuza hadi povu liishe kabisa. Usitie dawa ya kulainisha nguo: inaacha mafuta juu ya uzi, na uzi wenye mafuta unayakataa maji. Jiki na pasi huuharibu utando wa poliuretani. Usiisokote unapoikamua, ikunje ndani ya taulo kavu na kuikandamiza.

Kwenye kuanika ndiko wengi hukosea. Utando ule huzuia unyevu mwingi kutokea upande wa nje, kwa hiyo chupi hukauka zaidi kwa upande mmoja. Igeuze ndani nje, uianike mahali penye upepo. Ukiificha chini ya kanga kwa kuona haya, hewa haizunguki na harufu ya uvundo huanza. Jua la asubuhi linafaa. Kuiacha juani kutwa kila mara huchosha mpira na utando. Wakati wa masika Dar es Salaam au Mombasa hewa yenyewe imejaa unyevu, na chupi inaweza kuhitaji siku mbili hata ikiwa chini ya feni. Anayefua moja kila siku anahitaji angalau tatu ili asivae mbichi. Kabla ya kuianua, gusisha sehemu nene shavuni. Ikiwa baridi, maji bado yanatoka ndani yake.

Baada ya muda, dondoshea tena maji kwa lile bomba. Tone likisimama duara juu ya kitambaa, kuna mabaki ya sabuni au mafuta. Isuuze mara kadhaa kwa maji ya vuguvugu ujaribu tena. Maji yakizama vizuri lakini yakajitokeza nje katikati ya kitambaa, utando umepasuka na hautengenezeki. Yakijitokeza kwenye mstari wa mshono tu, yamepita kwenye matundu ya sindano, na chupi hiyo bado inafaa kwa siku za matone.