Damu Katika Mimba Changa: Kwanza Mlango wa Kizazi Utazamwe

Umekosa hedhi miezi miwili, umepima na kuona una mimba, halafu asubuhi moja unakuta doa la damu kwenye nguo. Majirani watakwambia mimba imeshatoka, au ulale kitandani usiinuke. Usikubali neno lolote kati ya hayo kabla hujapimwa. Damu ya miezi mitatu ya kwanza ina maana zaidi ya moja, na kila maana ina tiba yake.

Wewe unayeishi mtaa wa Iftin, hapo Garissa, una Hospitali ya Iftin karibu, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa iko mjini humo humo. Doa dogo lisilo na maumivu linaweza kungoja kupambazuke. Lakini ukilowesha pedi mbili nzima kwa saa moja, na saa inayofuata ikawa vivyo hivyo, ondoka sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Ondoka pia ukihisi kizunguzungu, ukizimia, au ukiwa na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo au ya ncha ya bega, hata kama damu ni kidogo. Dalili hizo zaweza kuwa za mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo ikipasuka huvuja damu ndani kwa ndani na kuua haraka.

Mhudumu atatafuta majibu ya maswali mawili. La kwanza: mlango wa kizazi, yaani shingo inayofunga tumbo la uzazi kwa chini, umefungwa au umefunguka? La pili: ndani mna nini? Swali la kwanza hujibiwa kwa kupima ukeni, na la pili kwa picha ya ultrasaundi. Katika mimba changa picha nyingine hupigwa kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, kwa kuwa huona vizuri zaidi. Kipimo hicho hakitoi mimba.

Kwetu huku kuna jambo linaloonewa aibu kusemwa. Mwanamke aliyetahiriwa na kushonwa ni vigumu kumpima ukeni, na mabonge yanaweza kukwama nyuma ya mshono, damu ikaonekana kidogo nje ilhali ndani imejaa. Mwambie mhudumu mapema. Anaweza kutumia kifaa kidogo, au kufungua mshono kwa ganzi ikiwa hapana budi. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike na mtu wako wa kukaa nawe, ila damu ikiwa inamwagika usimngoje mwanamke kama aliyepo ni mwanamume.

Tuchukue mfano wa mama wa wiki 9. Ijumaa ameona damu kidogo, na tumbo linauma kama la hedhi. Mlango umefungwa, na kwenye picha moyo wa mtoto unapiga. Hii ndiyo mimba inayotishia kutoka, na nyingi za namna hii huendelea hadi kuzaliwa. Atarudi nyumbani na dawa ya maumivu kama parasetamoli, na ataambiwa arudi damu ikizidi, au ikiendelea zaidi ya siku 14. Kulala kitandani hakujaonekana kuokoa mimba. Apumzike akichoka, basi. Kama amewahi kupoteza mimba, aulize kuhusu projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, maana wenye damu sasa na historia hiyo ndio inayoweza kuwafaa. Na asijilaumu kwa mtungi wa maji alioubeba. Mara nyingi mimba changa huharibika kwa sababu haikuumbika sawa tangu mwanzo.

Jumapili damu imeongezeka, ina mabonge, na maumivu yanakuja na kuachia. Safari hii mlango umefunguka, lakini mimba bado iko ndani. Hapo mimba haizuiliki tena, na atakayekuuzia sindano ya kuishikilia anakula pesa yako bure. Mama atawekewa dripu ikiwa damu ni nyingi, na grupu yake ya damu itapimwa.

Saa chache baadaye kipande kinatoka, ila damu haikomi. Mimba imetoka nusu. Mabaki yaliyobaki huzuia kizazi kujikaza, ndiyo maana damu inaendelea, na yakikaa sana yanaweza kuoza. Kama hali yake ni nzuri na damu si nyingi, kuna njia tatu: kungoja mwili umalizie wenyewe, kumeza misoprostoli ya mikrogramu 600 mara moja, au kusafishwa. Misoprostoli ni vidonge vinavyokaza kizazi. Huleta maumivu, baridi ya kutetemeka na pengine kuhara. Damu ikiwa inamwagika, au kukiwa na homa na uchafu unaonuka, kungoja hakufai: asafishwe. Siku hizi husafishwa kwa bomba la mkono linalofyonza, kazi ya dakika chache. Uliza dawa ya maumivu na ganzi kabla hawajaanza. Ni stahili yako.

Aina ya nne ni ya kimya. Damu huenda isionekane kabisa, kichefuchefu kimepotea tu, mlango umefungwa, na picha inaonyesha mimba iliyokufa ikabaki ndani. Hapa usiharakishwe. Kijusi kikiwa na urefu wa chini ya milimita 7 na moyo hauonekani, huenda mimba ni changa kuliko ulivyohesabu. Omba picha irudiwe baada ya wiki moja au mbili. Ikithibitika, unaweza kungoja, kusafishwa, au kupewa mifepristoni, dawa inayoilegeza mimba, kisha misoprostoli siku moja au mbili baadaye. Dozi hapa si ile ya mimba iliyotoka nusu, kwa hiyo usiazime vidonge vya mwenzako. Na mtu wa Dadaab, aliye kama kilomita 100 kutoka Garissa, asichague kungoja nyumbani bila gari la uhakika; mvua ikikata barabara, damu haimngoji.

Gharama je? Jisajili SHA mapema kwa kupiga *147#. Ukishasajiliwa, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali hazilipiwi, lakini kulazwa hospitali kubwa kunahitaji uwe umelipa michango, ambayo haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Bei ya picha kwa wenye kliniki binafsi iulize kabla ya kulala kitandani. Dharura ni jambo jingine: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na mwanamke mtu mzima hutia sahihi mwenyewe; hakuna haja ya kumsubiri mume aliye malishoni na ngamia.

Ukirudi nyumbani, damu hupungua taratibu kwa wiki moja hadi mbili. Kuhusu kuoga, kuswali na kufunga, muulize shehe, ukimweleza mimba ilikuwa ya siku ngapi. Mimba nyingine inaweza kushika hata kabla ya hedhi kurudi, kwa hiyo kama hujawa tayari omba njia ya uzazi wa mpango kabla hujatoka hospitali. Kama ulitumia vidonge au ulingoja, pima mkojo baada ya wiki 3: kipimo kikiendelea kuonyesha mimba, au ukipata homa wakati wowote, rudi hospitali siku hiyo hiyo.